Kuhesabu Waswahili, 1924 hadi 2019: shajara ya jedwali moja

Nilianza na swali la mezani. Binamu yangu wa Unguja alikuja Mombasa kwa harusi, tukabishana: Waswahili tunaongezeka au tunaisha? Kila mmoja alikuwa na namba yake, na namba zote zilitoka kwenye sensa. Nikaamua kuziweka pamoja katika jedwali moja, kwa Kenya na kwa Zanzibar. Nilidhani ni kazi ya wikendi mbili. Naandika hatua kwa hatua ili anayetaka kufanya hivi kwa Wapokomo, Wanubi au kabila lolote jingine asirudie makosa yangu.

12 Januari: kukusanya

Hakuna la kusimulia sana. Namba za Kenya za 1969, 2009 na 2019 nimezipata kwenye majedwali ya sensa yaliyochapishwa. Za 1999 hazimo, kwa sababu serikali iliuliza kabila lakini haikuchapisha majibu. Za Zanzibar nimezitoa kwenye vitabu vya historia. Gharama: bando la shilingi 1,000, na shilingi 640 za kutoa nakala.

Jedwali la kwanza lilikuwa na safu tatu tu: mwaka, mahali, idadi. Kosa la kwanza lilikuwa hapo hapo, ila sikuliona.

19 Januari: grafu inayosema uongo

Nimechora mstari wa Kenya. Mwaka 1969 Waswahili walikuwa 9,971. Mwaka 2009 walikuwa 110,614. Yaani mara kumi na moja ndani ya miaka arobaini. Katika muda huo Kenya nzima ilitoka watu 10,942,705 hadi 38,610,097, mara tatu na nusu tu. Ili kabila moja liongezeke mara kumi na moja katikati ya nchi iliyoongezeka mara tatu na nusu, ingebidi kila nyumba ya Mji wa Kale iwe na watoto ishirini. Mimi nimezaliwa huko; nyumba hizo nazijua.

Siku nzima nilidhani nimenakili vibaya. Nikarudi kwenye kitabu, nikakuta namba ni ileile: 9,971. Lakini safari hii nilisoma na jina lililo kando yake, nililokuwa nimelipita. Halikuandikwa "Waswahili" peke yake. Liliandikwa Waswahili na Washirazi kwa pamoja, kwa alama ya mkwaju katikati. Na mistari michache pembeni, kama kabila tofauti kabisa: Wabajuni, 24,387.

26 Januari: kipimo cha mara

Nimepata njia rahisi ya kujua kama jina moja katika sensa mbili linabeba watu walewale. Unachukua idadi ya zamani, unaizidisha kwa ukuaji wa nchi nzima, halafu unalinganisha na idadi mpya:

```
=C2*38610097/10942705
```

Kwanza nikaijaribu kwa watu ambao jina lao halikuyumba. Wamijikenda walikuwa 520,520 mwaka 1969. Kipimo kinatarajia wawe karibu 1,837,000 mwaka 2009. Sensa iliandika 1,960,574. Wamepita matarajio kidogo, si kwa kiasi cha kushtua, kwa hiyo kipimo kinafaa.

Kwa Waswahili peke yao kipimo kinatarajia 35,000 hivi. Sensa inasema 110,614. Hapo hapana. Lakini ukiwajumlisha na Wabajuni wa 1969 unapata 34,358, na kipimo kinatarajia karibu 121,000. Sasa 110,614 inaeleweka. Hakukuwa na mlipuko wa watoto. Dalili zote zinaonyesha kwamba Wabajuni waliosimama peke yao mwaka 1969 wamehesabiwa chini ya mwavuli wa Waswahili mwaka 2009.

Na mwavuli huo si wa kubuni. Mombasa tuna Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wakatwa na Wabajuni. Tatu Taifa ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Kwa hesabu ya wazee, basi, Mbajuni wa Mombasa ni Mswahili. Kwa hesabu ya Mbajuni wa Faza au Kizingitini, mwulize mwenyewe, na utafute kiti, maana jibu ni refu. Aliyeandaa orodha ya sensa alilazimika kuchagua jibu moja, na mwaka 1969 na 2009 yalichaguliwa majibu tofauti.

Tahadhari kwa anayekopi: kipimo hiki ni cha kunusa, si cha kuthibitisha. Hakijui uhamaji wala tofauti za uzazi. Kikikupa tofauti ya asilimia 10 nyamaza. Kikikupa mara tatu, rudi ukasome majina kwenye orodha.

2 Februari: nimejiaibisha kwenye kundi la familia

Kabla sijaingiza 2019 kwa makini, nilituma grafu kwenye kundi letu la WhatsApp: "Waswahili wa Kenya wamepungua nusu ndani ya miaka kumi." Ni kweli jedwali la 2019 linaonyesha Waswahili 56,074, kutoka 110,614. Ndani ya saa moja ujumbe ulishasambazwa kwenye makundi matatu, na ami yangu mmoja ameshapata mchawi: ni hawa wanaouza viwanja vya wazee.

Jioni nikapitisha kipimo, nikaona aibu. Nchi ilikua kwa asilimia 23 kati ya sensa hizo mbili, kwa hiyo nilitarajia Waswahili 136,000 hivi. Nikasogeza macho juu kwenye orodha ya 2019, herufi B. Wabajuni wapo tena peke yao, 91,000 na kitu. Jumlisha na wale 56,074, unapata karibu 147,000. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyehama. Mwavuli umefungwa tu, waliokuwa chini yake wameonekana kila mmoja na kofia yake.

Nilituma masahihisho. Hayakusambazwa popote.

Ili nisijione mjinga peke yangu, nikatafuta kama jambo hili limewahi kutokea kwenye nchi yenye wataalamu wengi na fedha nyingi. Limetokea Kanada. Huko dodoso lilikuwa likiuliza asili ya wazee wako, na chini ya swali kulikuwa na mifano michache. Mwaka 2011 watu 309,650 waliandika asili ya Kiyahudi. Mwaka 2016 neno hilo liliondolewa kwenye mifano, kwa sababu mifano ilipangwa kwa wingi wa majibu yaliyopita. Swali lilibaki palepale, na nafasi ya kuandika ilibaki wazi kwa yeyote. Idadi ikashuka hadi 143,665. Wayahudi wa Kanada hawakuhama. Mtu akiona mifano, hujibu kwa mfano. Asiyejiona kwenye orodha huandika nchi aliyotoka babu yake, akaendelea na shughuli zake.

Kurekebisha: nimeongeza safu mbili kwenye jedwali. Sasa kila mstari uko hivi:

```
mwaka,mahali,jina_kwenye_jedwali,idadi,jirani_aliyetengwa
1969,Kenya,Waswahili/Washirazi,9971,Wabajuni
2009,Kenya,Waswahili,110614,
2019,Kenya,Waswahili,56074,Wabajuni
```

Safu ya mwisho ndiyo iliyonigharimu wiki tatu.

9 Februari: kwa shangazi

Nimejiuliza: orodha ni upande mmoja, na upande wa pili ni mtu anayeulizwa. Nikaenda Kuze kwa shangazi yangu, ambaye usiku wa sensa wa Agosti 2019 nilikuwepo kwake karani alipopita. Nilitaka kuhakikisha kumbukumbu yangu.

Karani alikuwa kijana mpole, na kishikwambi mkononi, kwa kuwa ile ndiyo sensa ya kwanza ya Kenya kufanywa bila karatasi. Alipofika kwenye kabila, shangazi alijibu bila kusita: "Mimi Mkilindini." Kijana akapitisha kidole kwenye kioo, juu, chini, juu tena. "Hiyo ni wapi, mama?" "Hiyo ni hapa ulipokaa." Akacheka, akauliza: "Niandike Mswahili?" Shangazi akamjibu: "Andika utakavyo, mradi jina la mji wangu umelisikia."

Kwa hiyo yupo ndani ya 56,074. Lakini hakusema yeye neno "Mswahili". Alilisema karani, yeye akaliridhia. Leo nilipomuuliza upya, "Shangazi, wewe ni mtu wa wapi?" alisema Mombasa. "Kabila lako?" Mkilindini. "Lugha yako?" Akanitazama kama nimepungukiwa. "Wanisikia nasema nini?"

Maswali matatu, majibu matatu, mwanamke mmoja, kikombe kimoja cha kahawa. Sensa ilichukua jibu la swali la nne, ambalo halikuandikwa kwenye dodoso: "Niandike Mswahili?"

Maneno ya swali lenyewe nayo hayakai kimya. Fomu ya Kenya ya 1989 ilitumia sehemu moja kwa kabila na kwa uraia: Mkenya Mwafrika aandikwe kabila lake, Wakenya wengine na wageni waandikwe nchi ya asili. Fikiria familia ya Kihadhrami iliyokaa Lamu vizazi sita. Kwa fomu ile, baba akijiona Mwafrika ana kabila. Akijiona Mwarabu anapewa nchi ambayo hajawahi kuiona. Katika jedwali la 2009 kuna mstari wa Waarabu wa Kenya, 40,760. Baadhi ya majina ya ukoo yaliyomo mle, naapa, yamo pia kwenye mstari wa Waswahili, ndugu kwa ndugu.

Na kuna waliokataa swali zima. Mwaka 2009, kama mwaka mmoja na nusu baada ya machafuko ya uchaguzi kupoa, watu 610,122 waliandikwa "Mkenya" mahali pa kabila. Ni mara tano na nusu ya Waswahili wote wa mwaka huo. Walitoka makabila gani haijulikani, ila wametoka mahali, na kila kabila katika jedwali limepungukiwa nao.

23 Februari: kabila si lugha

Kosa kubwa kuliko yote, na karibu lipite. Rafiki aliyenisaidia kupanga majedwali alibadilisha kichwa cha safu kutoka "Waswahili" kuwa "wasemaji wa Kiswahili kama lugha ya kwanza". Kilisikika vizuri, nikakiacha. Siku kumi baadaye nikakisoma kwa sauti: Kenya ina wasemaji wa kwanza wa Kiswahili 110,614. Nikatoka nje kununua mandazi, na njia nzima, kuanzia watoto wa jirani Mkamba hadi wajukuu wa Mluo wa kiwandani, hakuna hata mmoja aliyekuwa akisema lugha nyingine.

Sensa ya Kenya inauliza kabila. Kutoka kwenye kabila kwenda kwenye lugha ni daraja ulilojenga mwenyewe, na Pwani daraja hilo halibebi mtu. Mtoto wa Kongowea anayeota ndoto kwa Kiswahili anaandikwa Mkamba kwa sababu baba ni Mkamba, na ni halali yake.

Nikageukia Tanzania nikitumaini kupata swali la lugha lenyewe. Huko kabila halijaulizwa tangu 1967. Kipo kinachofanana: sensa ya 2012 iliuliza kama mtu anajua kusoma na kuandika, na majibu ya kuchagua ni Kiswahili, Kiingereza, vyote viwili, lugha nyingine, au hajui. Ukisoma haraka utasema hili ni jedwali la lugha. Silo. Bibi wa Makunduchi asiyejua kusoma anahesabiwa "hajui", na Kiswahili chake ndicho cha kuwafundishia watu. Msukuma aliyesoma shule ya msingi anahesabiwa "Kiswahili", na nyumbani anaongea Kisukuma tangu asubuhi. Swali linapima shule.

Kurekebisha: nimefuta neno "wasemaji" kila lilipo. Kwa anayekopi, kanuni yangu sasa ni kwamba kichwa cha safu kinanakiliwa kutoka kwenye chapisho, hata kiwe kibaya, na tafsiri yangu inakaa safu nyingine.

16 Machi: Zanzibar, ambako orodha haina kosa

Binamu ametuma picha za kurasa alizoahidi. Hapa ndipo nilipodhani nimeshakuwa fundi, nikafeli tena.

Mwaka 1924 Zanzibar iliandika Waswahili 33,944. Mwaka 1931 iliandika 2,066. Kwa mazoea ya Kenya nikaanza kutafuta mwavuli: lazima kuna jirani aliyetengwa. Lakini jina "Waswahili" lipo kwenye majedwali yote mawili. Mlango ulikuwa wazi. Waliokuwa wakiingia humo ndio waliokataa kuingia tena.

Ili kujua walikokwenda unatazama nani amenenepa. Waarabu walikuwa 18,884 mwaka 1924, na 33,401 mwaka 1931. Kwa kuzaana peke yake ingetakiwa wakue kwa asilimia 8.5 kila mwaka, jambo lisilowezekana. Wapo waliohamia kutoka Omani na Hadhramauti, lakini majahazi hayo hayatoshi kueleza yote. Hata hivyo, tusidanganyike kwa upande wa pili: Waswahili walipungua 31,878, Waarabu waliongezeka 14,517. Hata kama kila Mwarabu mpya angekuwa Mswahili wa jana, zaidi ya nusu ya waliopotea bado hawajapatikana. Hao ndio waliojiandikisha Washirazi na majina ya kienyeji ya visiwani: Wahadimu, Watumbatu, Wapemba.

Kwa nini? Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897. Katika kizazi kilichofuata, "Mswahili" mjini Unguja lilikuwa jina walilojipa wengi waliotoka utumwani, njia ya kusema "mimi ni mtu wa hapa". Likishajulikana kuwa ni jina la waliotoka utumwani, likageuka kuwa alama, na mwenye uwezo akaliacha. Nilipomsimulia shangazi hili alikaa kimya, halafu akasema: "Na sisi huku twalipigania." Sikuongeza neno.

Kisha Vita vya Pili vya Dunia. Chakula kikagawiwa kwa mgao, na mgao ukafuata mbari: Waarabu waliwekwa upande wa Waasia waliopata mchele zaidi, Waafrika wakasukumwa kwenye unga. Hapo jibu la "wewe nani?" lilikuwa na uzito wa kilo kwenye mizani. Sensa ya 1948 ilihesabu Waarabu 44,560 kati ya watu 264,162. Siwezi kutoa kwenye namba hiyo waliozaliwa Waarabu, waliohamia na waliofuata mchele. Nimejaribu kwa kipimo changu na nikakiacha: kipimo kinasaidia pale orodha inapobadilika, si pale mtu anapobadilika.

Sensa iliyofuata, 1958, iliweka Waafrika na Waarabu katika fungu moja. Watu 299,111 visiwani, na swali ambalo siasa zote za wakati ule zilikuwa zikilizunguka halina namba.

30 Machi: jedwali lilivyo sasa

Nimeondoa mstari unaounganisha nukta. Kenya ina nukta tatu, na ile ya 2009 nimeipa rangi tofauti kwa sababu ya mwavuli. Juu ya nukta za 1969 na 2019 kuna nukta ya pili ya Waswahili na Wabajuni pamoja. Zanzibar ina nukta mbili tu za Waswahili, 1924 na 1931, na Waarabu wamechorwa pembeni kwa 1924, 1931 na 1948 kwa sababu bila wao anguko lile halisomeki. Kenya na Zanzibar sikuziweka kwenye grafu moja. Nilijaribu, jicho linaunganisha lenyewe hata usipochora mstari.

Gharama yote: bando shilingi 3,000, nakala 1,120, matatu na tuktuk 900, kilo ya kahawa na tende za shangazi 750. Jumla 5,770. Muda: wikendi kumi na moja badala ya mbili, nne kati yake zikiwa za kurekebisha safu ambazo ningeziweka siku ya kwanza.

Binamu amepokea faili. Ameuliza swali moja: yeye mwenyewe nimhesabu wapi? Baba Mpemba, mama Mngazija, amezaliwa Ng'ambo. Nimemwambia achague safu. Bado hajajibu.